Toni ya Rasimu Ipimwe Kabla ya Kusahihishwa

Toni ni neno ambalo wahakiki wa fasihi hulitumia kueleza msimamo wa mwandishi kwa jambo analolisimulia na kwa mtu anayesimuliwa, na maana hiyo inafaa vilevile kwa barua ya kudai kodi ya nyumba, ujumbe wa simu kwa mteja au maombi ya ruhusa kazini. Sentensi mbili zinaweza kubeba taarifa ileile na bado zikamfikia msomaji kama watu wawili tofauti waliosimama mlangoni kwake, mmoja akibisha hodi na mwingine akiusukuma mlango. Rasimu inayoudhi mara nyingi haina kosa la sarufi wala la taarifa. Tarehe ni sahihi, kiasi ni sahihi, jina limeandikwa vizuri, lakini msomaji akimaliza kuisoma anajisikia amekaripiwa, amepuuzwa au ametwishwa mzigo usio wake.

Mwandishi akiambiwa kwamba rasimu yake haikai vizuri, jambo la kwanza analofanya kwa kawaida ni kuongeza maneno ya adabu, yaani "tafadhali" hapa na "samahani" pale, pengine na "ndugu yangu" karibu na mwisho. Hiyo ni sawa na kumeza dawa kabla ya kupimwa. Rasimu baridi, rasimu yenye shinikizo na rasimu nyonge zinaumwa maradhi matatu tofauti, na kinachoiponya moja huizidisha nyingine: joto linaloifaa barua baridi hugeuka kubembeleza likitiwa katika barua nyonge, na uthabiti unaoifaa barua nyonge hugeuka amri ukitiwa katika barua ambayo tayari inashurutisha. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha neno hata moja, toni inapaswa kupewa jina, na maneno yanayoibeba yaoneshwe kwa kidole.

Namna nzuri ya kuzitenganisha toni hizo tatu inapatikana katika kazi ya wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson kuhusu adabu katika lugha, iliyochapishwa kwanza mwaka 1978 na kutolewa upya kama kitabu mwaka 1987. Kwa kufuata fikra za mwanasosholojia Erving Goffman, walieleza kwamba kila mtu anaingia katika mazungumzo akiwa na kitu walichokiita uso, ambacho kwa Kiswahili kinakaribiana na heshima au staha ambayo mtu hupenda isitiriwe mbele ya wenzake. Uso huo una pande mbili. Upande mmoja ni haja ya kupendwa na kutambuliwa; upande wa pili ni haja ya kuachiwa nafasi, yaani kutoingiliwa wala kulazimishwa. Ukiushika mgawanyo huo, ubaridi unaonekana kuwa jeraha la upande wa kwanza, kwa sababu unamtendea msomaji kana kwamba hajulikani, na shinikizo ni jeraha la upande wa pili, kwa sababu linamnyima nafasi ya kuamua. Unyonge ni mgumu zaidi kuuona, maana unaanza kwa kuujeruhi uso wa mwandishi mwenyewe, kisha unamwachia msomaji kazi ya kuutibu. Anayeandika kwa unyonge haombi kitu tu. Anaomba pia atulizwe, na msomaji hulihisi ombi hilo la pili hata pale asipoweza kulitaja.

Ugumu ni kwamba mwandishi ndiye mtu wa mwisho kusikia toni ya maandishi yake, kwa kuwa anayasoma akiwa na sauti ya nia yake kichwani. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti ambamo watu walituma sentensi za kejeli na sentensi za dhati, wengine kwa barua pepe na wengine kwa sauti, huku wakikisia ni mara ngapi wapokeaji wangeitambua toni iliyokusudiwa. Watumaji walitarajia kueleweka kwa takriban asilimia 78 kwa njia zote mbili. Kwa sauti wapokeaji walipata takriban asilimia 73, lakini kwa barua pepe walipata takriban 56 tu, kiwango kisichopishana sana na mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba wapokeaji nao walijiamini kuwa wameelewa. Pengo hilo ndilo sababu kusoma tena kwa sauti ileile ya nia njema hakusaidii. Sauti ya kusomea lazima ibadilishwe.

Mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya makala haya unatosha kuonesha kazi inavyofanyika. Mchapaji mdogo amemkabidhi mteja kadi za harusi tarehe 3, wakakubaliana kwamba salio la shilingi 450,000 limalizwe tarehe 10, na sasa ni Jumatatu ya tarehe 24 na fedha hazijafika. Rasimu yake inasema hivi:

"Habari. Samahani sana kwa usumbufu, najua una mambo mengi. Kama nilivyokueleza mara kadhaa, hujamalizia shilingi 450,000 za kadi. Lipa kabla ya Ijumaa. Ukichelewa tena hatua zitachukuliwa. Tafadhali sana nisaidie ndugu yangu, hali ni ngumu kwa kweli. Asante kwa ushirikiano wako."

Msomaji wa haraka atasema barua hii ni kali, na atashauri ilainishwe. Hukumu hiyo ni ya jumla mno kuweza kumfaa mwandishi. Hatua ya kwanza ya upimaji ni kuisoma kwa sauti ya kusikika, si moyoni, mara mbili: mara moja kwa sauti ya mtu aliyekasirika, na mara ya pili kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Sentensi iliyoandikwa kwa utulivu huikataa sauti ya namna hiyo, nayo ikisomwa kwa hasira inasikika kama mchezo wa kuigiza usiofaulu. Sentensi yenye kasoro huipokea sauti hiyo mara moja. Katika rasimu ya mchapaji, "Lipa kabla ya Ijumaa" inaipokea hasira bila upinzani wowote, na "Tafadhali sana nisaidie ndugu yangu" inapokea kilio. Tayari upimaji umeonesha kwamba hapa hakuna toni moja, na kwamba ushauri wa kulainisha ungetibu nusu ya barua na kuiharibu nusu yake.

Hatua ya pili ni kupigia mstari kila kitenzi na kuuliza nani ndiye mtenda na kitenzi kiko katika hali gani, kwa maana katika Kiswahili sehemu kubwa ya toni imefichwa ndani ya kitenzi chenyewe. "Lipa" ni amri tupu, kitenzi kisicho na kiambishi cha mtenda mbele yake, na kwa Waswahili wengi amri ya namna hiyo hupewa mtoto, rafiki wa karibu sana au mtu aliye hatarini. "Ulipe" ni hali ya kutaka, ambayo humrejesha msomaji ndani ya sentensi kwa kiambishi "u", na "naomba ulipe" huongeza juu yake utambuzi kwamba uamuzi uko kwake. Kuna mtego mdogo ambao waandishi wazuri pia huanguka ndani yake: amri ikibeba kiambishi cha mtendwa hubadilisha irabu yake ya mwisho kuwa "e", kama katika "nisaidie". Kwa sababu ya irabu hiyo, "nisaidie" inasikika laini kama hali ya kutaka, ilhali bado ni amri. Mchapaji anadhani amebembeleza. Kisarufi ameamuru mara mbili.

Kitenzi "hujamalizia" kinastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa kina sura mbili. Kiambishi "hu" kinamnyoshea msomaji kidole, lakini "ja" ya ukanushi ina maana ya bado, yaani jambo halijatokea na lingali linatarajiwa kutokea. "Hukumalizia" ingefunga mlango na kuacha hukumu. "Hujamalizia" inauacha wazi. Tatizo basi halimo katika wakati wa kitenzi bali katika mtenda wake, na hilo likijulikana, marekebisho yake ni madogo: salio likifanywa mtenda, "salio bado halijafika", ile bado njema inabaki na kidole kinashuka. Aliyeambiwa tu kwamba sentensi ni kali angeweza kuifuta yote, na pamoja nayo angefuta taarifa muhimu kuliko zote katika barua.

Ni kweli kwamba kumwondoa mtu katika sentensi kuna hatari yake. "Hatua zitachukuliwa" haina mtu kabisa: kauli ya kutendwa imemficha anayechukua hatua, na neno "hatua" limeificha hatua yenyewe. Hapo ndipo ubaridi unapokutana na shinikizo, kwa sababu tishio lisilo na sura humwacha msomaji akijijazia mwenyewe, na kwa kawaida hujijazia baya zaidi. Barua za ofisini zimezoea lugha hii, pamoja na "husika na kichwa cha habari hapo juu" inayofuata mara baada ya "Yah:" katika barua rasmi za Tanzania, na katika mazingira hayo msomaji haioni kuwa baridi kwa kuwa ofisi inatarajiwa kusema na ofisi. Ikihamishiwa kwa mteja ambaye juzi alikuwa dukani akichagua rangi ya kadi, maneno yaleyale yanamwambia kwamba uhusiano umekwisha na faili limefunguliwa.

Hatua ya tatu ni kutafuta maneno madogo yanayobeba shutuma bila kuitamka. Wanaisimu hutofautisha kile ambacho sentensi inakisema na kile inachokichukulia kuwa tayari kimekubaliwa, na ni hicho cha pili kinachomchoma msomaji, kwa sababu hakupewa nafasi ya kukijibu. "Ukichelewa tena" inasema jambo kuhusu siku zijazo, lakini "tena" imekwisha kuhukumu kwamba kulikuwa na uchelewaji. "Kama nilivyokueleza mara kadhaa" inadai kuwa msomaji alisikia na akadharau. Katika jumbe za simu kazi hiyo hufanywa zaidi na "mbona" na "kwani". Swali "Mbona kimya?" halitafuti sababu tu, linatangaza kwamba ukimya huo ni wa ajabu na unahitaji utetezi, ilhali "Sijapata jibu lako" ni taarifa ambayo mtu anaweza kuijibu bila kujitetea. Ukweli wa shutuma si hoja hapa. Mteja kweli amechelewa, na bado neno "tena" linaligeuza dai la fedha kuwa mjadala wa tabia yake, mjadala ambao mchapaji hana faida nao.

Unyonge wa rasimu hii umekaa pembeni, mwanzoni na mwishoni, nao hauonekani kwa urahisi kwa sababu umevaa nguo za adabu. "Samahani sana kwa usumbufu" inamfanya mdai aombe radhi kwa kudai, na hivyo inahamisha kosa kutoka kwa aliyechelewa kwenda kwa anayesubiri. "Najua una mambo mengi" inampa mteja kisingizio ambacho yeye mwenyewe hajakitoa. "Hali ni ngumu kwa kweli" inaleta shida za mwandishi kama sababu ya kulipwa, wakati sababu ya kulipwa ni makubaliano ya tarehe 10. Kisha kuna "ndugu yangu". Neno la undugu likitangulia barua ni salamu na humpa msomaji mahali pake. Likiletwa ghafla kando ya ombi, baada ya amri na tishio, linakuwa kamba ya kumfungia. Mahali neno lilipowekwa ndipo toni yake ilipo.

Hapa inafaa kukanusha hukumu moja inayotolewa na watu waliozoea kanuni za lugha nyingine, kwamba kuandika "naomba" ni kujishusha. Katika Kiswahili mtu huomba maji hotelini na huomba chenji yake kwa kondakta, na hakuna anayemwona kuwa ombaomba. "Naomba" moja ni adabu ya kawaida, na kuiondoa ili barua ionekane ya kujiamini huifanya iwe ya jeuri. Unyonge huanza pale maneno ya kupunguza nguvu yanaporundikwa, kama katika "nilikuwa naomba tu, kama inawezekana, unisaidie kidogo", ambamo wakati uliopita, "tu", sharti na "kidogo" vyote vinalipunguza ombi lilelile mpaka linabaki jembamba. Kipimo chake ni rahisi: maneno hayo yafunikwe kwa kidole moja baada ya jingine, na lile ambalo likifunikwa ombi halipotezi heshima wala maana, lilikuwa limewekwa kumkinga mwandishi na si kumstahi msomaji.

Salamu nayo haipaswi kupimwa kwa kanuni ya kuokoa muda. Ujumbe unaoanza na dai bila salamu ni baridi kwa wasomaji wengi wa Kiswahili hata kama sentensi zinazofuata ni laini, na kwa mtu mzima katika Tanzania na sehemu kubwa ya pwani, kukosekana kwa shikamoo kunaweza kuwa ndiyo taarifa pekee atakayoikumbuka. "Habari" ya mchapaji, iliyoachwa peke yake na nukta yake, imetimiza desturi bila kumsalimu mtu yeyote. Upande wa pili, salamu ikirefuka mpaka kuulizia watoto, mifugo na mvua, msomaji huanza kulisubiri ombi, na toni ya unyonge huwa imefika kabla ya ombi lenyewe.

Baada ya kupita hatua hizo, majibu ya vipimo yanaweza kuandikwa pembeni ya rasimu kwa maneno machache: salamu baridi, ufunguzi mnyonge, katikati shinikizo, tishio baridi, ombi nyonge, shukrani ya kiofisi. Ikitazamwa hivyo, chanzo kinaonekana. Mchapaji aliogopa kudai, akajishusha. Akajichukia kwa kujishusha, akaamuru. Akaogopa amri yake, akarudi kubembeleza. Toni iliyotawala ni unyonge, na ukali wa katikati ni matokeo yake. Ndiyo maana ushauri wa kulainisha ungemdhuru: kinachokosekana si ulaini bali mguu wa kusimamia, ambao ni tarehe ya makubaliano, na rasimu nzima haikuitaja hata mara moja.

Upimaji huu una mipaka. Toni huamuliwa pia na historia ya wawili wanaoandikiana, na amri ambayo ingemchoma mgeni huwa kicheko kati ya watani. Kwa hiyo rasimu ikasomwe na mtu anayeifahamu desturi ya msomaji, ambaye hajaambiwa nia ya mwandishi, naye aulizwe swali moja tu, yaani mtu aliyeandika haya yuko katika hali gani. Akiulizwa kama barua ni sawa, atasema ni sawa. Vilevile kuna barua zinazopaswa kuwa baridi, kama vile ilani ya mwisho kabla ya kwenda mahakamani, ambayo joto lake lingeweza kumpotosha anayeandikiwa. Na kuna rasimu ambazo kasoro yake haimo katika toni kabisa: dai lisilo la haki litabaki kuwa shinikizo hata likiandikwa kwa maneno matamu, na kwa rasimu ya namna hiyo kinachopaswa kubadilishwa ni dai.

Mchapaji, akiwa na majibu ya vipimo mkononi, anaweza sasa kuandika upya:

"Ndugu, habari za siku? Natumaini harusi ilikwenda salama. Kadi zilikabidhiwa tarehe 3, na salio la shilingi 450,000, tulilokubaliana limalizwe tarehe 10, bado halijafika. Naomba ulimalize ifikapo Ijumaa tarehe 28, siku ambayo nami natakiwa kumlipa muuza karatasi. Ikiwa Ijumaa haitawezekana, naomba unijulishe kabla ya Jumatano jioni ni tarehe ipi itawezekana."

Barua hii haijawa laini kuliko ya kwanza. Kwa hakika inadai zaidi, maana inataka fedha kwa tarehe na jibu kwa tarehe. Undugu umetangulia mbele, makubaliano yamechukua nafasi ya shutuma, na shida ya mwandishi imegeuka kuwa sababu yenye siku yake, ambayo msomaji anaweza kuizingatia bila kuombwa huruma. Njia ya kutokea ameachiwa, lakini nayo ina muda wake. Ikisomwa kwa sauti ya hasira haiipokei, na ikisomwa kwa sauti ya kilio haiipokei pia.

Shule zinafundisha uandishi wa barua kwa kusahihisha anwani, tarehe, kichwa na hitimisho, na mwanafunzi anamaliza akijua kila kitu kinapokaa bila kuwahi kuulizwa barua yake inasikikaje kwa anayeipokea. Walimu wa Kiswahili na wahariri wanaolea waandishi wachanga wanaombwa kuongeza zoezi moja: mwanafunzi apewe rasimu mbovu, akatazwe kuibadilisha, apigie mstari vitenzi vyake, aandike pembeni jina la toni kwa kila sentensi, na alama zitolewe kwa hilo kabla kalamu ya kusahihisha haijaguswa.